Mpapai Dume wa Shimo la Tisa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haja ya kulificha hilo. Niliporudi Songea kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, hata aliyenikaribisha kwa chai nilimtazama nikijiuliza anataka nini. Kaka yangu mkubwa alinipa kipande cha shamba la marehemu baba, nje kidogo ya mji upande wa barabara ya Namtumbo, na badala ya kushukuru nikaanza kuhesabu siku atakazokuja kukidai.

Shamba lenyewe liko mtelemkoni. Kipande changu kilikuwa juu, kando ya barabara. Cha kaka kilikuwa katikati. Chini, karibu na kijito, kilikuwa kipande cha mdogo wetu wa kiume, ambaye alifariki akaacha mke. Huyo mjane ndiye wifi yangu. Baada ya arobaini, kaka alitaka kipande kile kiungwe na chake. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikataa kuamua haraka. Alisema mjane apande na alime kwa mkono wake. Akifikisha mavuno, kipande ni chake maisha. Akishindwa, kinarudi kwa kaka, na mjane atarudi kwao Tunduru. Wifi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema asante baba, basi.

Wazo la mapapai lilikuwa lake. Alikamua mbegu kutoka kwenye mapapai ya kienyeji, akazisugua kwenye majivu kutoa ule utelezi, akazikausha kivulini na kuzisia kwenye viriba. Miche ilipofika urefu wa shubiri akatuita tugawane. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Kaka alichana kiriba kimoja, akautingisha udongo, akatazama mzizi. Akasema mche wenye mzizi mmoja ulionyooka ni dume, na wenye mizizi iliyotawanyika ni jike, na kwamba yeye atachambua kwa niaba yetu sote. Rundo la majike, kwa namna ambayo sikuielewa, lilikuwa linakua upande wake.

Nilimwambia waziwazi kwamba simwamini. Wifi akasema kwa upole kwamba amemuuliza bwana shamba wa kata, akaambiwa hakuna mizizi wala rangi ya mbegu inayoonyesha jinsia, mpapai hujulikana ukitoa maua tu. Njia ni kupanda miche mitatu kila shimo na kungoja. Kaka alinuna, lakini tuligawana bila kuchambua. Kila mmoja alipata mashimo ishirini, tukapanda mvua zilipoanza.

Mipapai ikatoa maua baridi ilipoingia, madume yakitangulia. Dume hulijua hata ukiwa mbali: linateremsha vikonyo virefu vinavyoning'inia, vimejaa vijiua vyembamba vilivyoshonana. Jike halina mbwembwe. Ua lake ni nene, limekaa pale pale jani linapoungana na shina, na ukilifungua petali unakuta kijipapai cha kijani kama punje ya mbaazi. Tulipita shimo kwa shimo na panga. Penye majike mawili tuliacha lenye afya zaidi, na madume tuliyafyeka chini kabisa. Ila bwana shamba alisisitiza tusiyamalize. Papai la kienyeji jike halibebi bila unga wa dume, hivyo kila kipande kiache dume moja. Matatu kwa mashimo sitini yangetosha.

Kwangu kuchagua kulikuwa rahisi. Shimo la tisa lilikuwa limetoa madume yote matatu, kwa hiyo niliacha moja pale pale. Nililitazama wiki mbili. Linakunywa maji niliyoyabeba kwa ndoo kichwani kutoka kijitoni, linanenepa, na tunda halitatoa. Nikaanza kumwaza kaka. Nilikuwa na hakika kwamba yeye hatafuga dume. Atalikata kimya kimya, majike yake yatumie unga wa dume langu, na mimi nibaki mtumishi wake bila kujua. Alasiri moja nililikata dume langu nikapanda boga kando ya shimo. Kisiki nilikifunika kwa nyasi. Yamebaki mawili, nilijiambia, yanatosha.

Mwezi mzima maua yangu yalidondoka. Yalifunguka vizuri, yakageuka manjano, yakaanguka. Ya kaka vivyo hivyo, ila machache ya upande wa chini yalishika. Lakini kwa wifi kila jike lilikuwa na vipapai vimepangana shinani, kimoja kwa kila jani. Nilisimama mpakani nikavitazama mpaka macho yakauma. Kaka alikuja akasimama karibu yangu.

"Sisi watoto wa mwenye shamba tunakauka," alisema, "yeye wa kuja anabeba. Wewe unalionaje?"

Nililiona vibaya sana. Na lile la dume langu sikumwambia. Naye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa na lake ambalo hakunieleza.

Kesho yake nilifika shambani mapema kuliko kawaida, jua ndiyo kwanza linachomoza na baridi ya Julai imeshika vidole. Nikamkuta wifi ndani ya kipande changu. Amejifunga kitenge mpaka kichwani, mkono mmoja ameshika kitu, na wa pili anagusa maua yangu, moja baada ya jingine, taratibu. Hakuniona. Alifanya mipapai minne akateremka kwake. Sikuwa mtu wa kuamini ushirikina, ila siku ile niliamini wote niliowahi kuusikia. Nilikwenda kwenye ile mipapai nikayachuma maua yote aliyoyagusa, nikayachoma moto pembeni ya barabara. Asubuhi iliyofuata akaja tena, nikiwa nimejificha nyuma ya mikaratusi, nami nikachuma tena na kuchoma tena. Nilifanya hivyo siku tano, na nilijiona mjanja.

Siku ya sita nilimweleza kaka. Sijawahi kumwona anafurahi kiasi kile huku uso wake umekunjamana kwa huzuni. Alikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo.

Kikao kikawa Jumapili, baada ya misa, uani kwa baba mdogo. Tulisalimia shikamoo, tukapewa viti vya plastiki. Kaka alieleza kwa ustadi. Alisema hana ugomvi na shemeji yake, ila mtu anayeingia alfajiri kwenye shamba la wenzake na kushika mimea yao hawezi kuachiwa ardhi ya ukoo. Alisema mimi ndiye shahidi. Baba mdogo akanigeukia, nami nikasema niliyoyaona, kila neno la kweli, na kila neno nililisema kama mtu anayeapa kanisani.

Baba mdogo alimuuliza alikuwa anafanya nini kwenye mipapai yangu. Alifungua fundo la kanga akatoa kikonyo kilichoanza kunyauka, kimejaa vijiua vyembamba. Akakiweka mezani mbele ya mzee.

"Nilikuwa nayabebesha maua yake, baba. Unachuma ua la dume asubuhi likiwa limefunguka, unachana petali, unapaka ule unga kwenye kichwa cha ua la jike. Bwana shamba alinionyesha. Kwangu nafanya kila siku, maana dume limebaki moja tu shamba zima, nalo liko kwangu, chini kabisa. Unga haupandi mpaka kwa wifi."

Baba mdogo alikichukua kile kikonyo akakigeuza. Ni mkulima, hakuhitaji kufafanuliwa. Akamuuliza mbona kwa kaka hakufanya.

"Kwa shemeji nisingethubutu," alisema. "Kwa wifi nilithubutu. Nilidhani tunafanana, yeye na mimi."

Mzee akanitazama. Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Mama, dume lako liko wapi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimeliandaa tangu siku niliyolikata: mbuzi wa jirani wamelivunja. Ningelisema, kaka angeliunga mkono kabla sijamaliza, na wifi angeonekana mwongo aliyejitungia kazi ya usamaria. Basi la Tunduru lingempata Jumatatu. Nilimtazama, nikaona hanitazami mimi, anatazama mikono yake iliyopasuka kwa baridi na umande wa mipapai yangu. Nikaona aibu ambayo sikuipata hata siku niliyorudi nyumbani na begi langu.

"Nimelikata mimi," nilisema. "Nimekifunika kisiki kwa nyasi. Nilishuku kaka atalikata lake."

Baba mdogo akamgeukia kaka. Kaka alikohoa, akasema kwamba yeye alijua sisi wanawake tumeacha ya kwetu, kwa hiyo lake lilikuwa la ziada. Akacheka kidogo peke yake.

Mzee alichukua fimbo, tukatembea wote mpaka shambani. Alipita kwa wifi shina kwa shina, akigusa vipapai kwa kidole, akasema haoni sababu ya kungoja viive. Kipande ni chake. Kisha mzee akapanda kwangu, akauliza kwa nini ile mipapai minne haina hata ua moja lililoshika, wakati ndiyo iliyopakwa unga. Nikalazimika kueleza na moto wa barabarani. Wifi alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wengine walipotangulia nilimshika mkono nikamuuliza kama alijua kuhusu kisiki.

"Nilikiona siku ile ile uliyolikata," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Kesho yake asubuhi nilikaa shambani kwangu, maua mapya yamefunguka, na wifi hakuja. Nilingoja mpaka jua likakausha umande. Keshokutwa vilevile. Siku ya tatu niliteremka mwenyewe, nikapitia kwa kaka mpaka mpakani kwa wifi, nikabisha hodi kwa sauti kama mtu aliyefika nyumba asiyoijua. Nikamwomba maua ya dume. Alivunja vikonyo viwili, vile vilivyojaa zaidi, akanipa kwa mikono miwili. Akanionyesha jinsi ya kuchana petali bila kuumwaga unga, akahakikisha nimeelewa. Kisha akanisindikiza mpaka mpakani, akasimama pale mpaka nilipovuka.