Klavye Nyuma ya Kufuli

Nyumba tuliyopanga mtaa wa Rugenge ilikuwa na kashpawa, umeme ule unaoulipia kwanza ndipo uwake. Mita ilikuwa moja kwa uwanja mzima, nyumba kubwa ya mama mwenye nyumba mbele na vyumba vyetu viwili nyuma. Ilikaa juu ya nguzo ndani ya sanduku la chuma, na kilichoshuka hadi kwa watu ni waya mwembamba tu na klavye, kidude chenye vitufe vya namba na kioo kidogo. Mwenye nyumba aliipigilia klavye hiyo ukutani sebuleni kwake, kati ya picha ya harusi yake na kalenda ya kanisa. Hapo ndipo alipotawalia.

Tulinunua kwa zamu, yeye mara moja, sisi mara moja. Zamu yetu ilipofika nilibonyeza namba za malipo kwenye simu, nikachagua umeme, nikaandika namba ya mita. Simu ilinionyesha kwanza jina la mwenye nyumba, ili nisije nikamlipia mtu mwingine, kisha nikaweka kiasi na namba yangu ya siri. Baada ya muda mfupi ujumbe uliingia na tokeni, tarakimu ishirini zilizopangwa nne nne. Kufika hapo ni kazi ya simu. Kutoka hapo ilikuwa kazi ya magoti. Unavua viatu mlangoni, unamsalimia, unaulizwa habari za wazazi wako kule Lemera hata kama uliulizwa jana, ndipo unamsomea tarakimu naye anabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama anayempaka mtoto dawa ya jicho. Hakuruhusu mtu mwingine aguse. Nilimwomba siku moja tuihamishie klavye barazani ili kila mtu ajiingizie mwenyewe, naye akacheka, akaniambia nikijenga yangu nitaiweka hata chooni.

Nilicheka naye. Mpangaji hucheka.

Mwaka huo mke wangu alikuwa na kuvezi, sanduku la kuangulia vifaranga kwa umeme. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu kwetu tunaujua wote. Alilipata sanduku lile baada ya zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, kufika, akaagiza mayai ya kuku wazuri kutoka Kamanyola, akayapanga, akawa anayageuza asubuhi na jioni huku anasali. Alhamisi moja usiku aliyamulika moja moja kwa tochi akaniita nione kitu cheusi kikicheza ndani. Vifaranga vyote vilikuwa vimeshapata wanunuzi, na hesabu yake ilikuwa kwamba vikitoka salama ataacha kukopa unga. Ilikuwa imebaki juma moja hivi.

Umeme ulikatika Ijumaa asubuhi. Mtaa wote uliwaka isipokuwa uwanja wetu, kwa hiyo tulijua kwamba uniti zimeisha. Sisi hatukuwa na njia ya kujua zimebaki ngapi, kwa sababu zilionekana kwenye kioo cha sebuleni peke yake. Nilinunua haraka hata kabla ya kunawa uso. Tokeni iliingia, nikashika simu mkononi nikazunguka mbele, na mlangoni nikakuta kufuli kubwa ya shaba.

Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda matanga Kamanyola, na ufunguo alikuwa nao mkobani. Nilimpigia. Nilimweleza taratibu, kwa heshima zote, nikamwomba ruhusa fundi afungue kufuli mbele ya mashahidi na nimnunulie nyingine mpya.

“Ukigusa mulango yangu, utatafuta nyumba ingine,” akaniambia. “Minye niko mu matanga. Hiyo tokeni haiozi. Nikifika nitaiingiza.”

Kuhusu tokeni alisema kweli. Ingeweza kukaa ndani ya simu hata mwezi, na bado mita ingeipokea. Nilimwambia mayai ndiyo yanayooza. Akanijibu kwamba kuku wa zamani hawakuwa na umeme na bado walizaa, kisha akakata simu.

Nilifanya upuuzi ambao mtu hufanya akibanwa. Nilikwenda kwa jirani, nikamwomba niingize tarakimu zangu kwenye klavye yake, nikijua ndani ya moyo kwamba tokeni hutengenezwa kwa mita moja tu. Kioo chake kilizikataa papo hapo. Kwenye ofisi ya umeme nilimkuta fundi akifunga. Aliniambia njia ni ile ile klavye yetu, au aje atufungie nyingine Jumatatu, na kwa hilo lazima mwenye mita, yule ambaye jina lake linatokea, aje mwenyewe aombe. Jina lililotokea si langu. Pesa tu ndiyo ilikuwa yangu.

Mke wangu hakulia siku ile, alifanya kazi. Alijaza chupa maji ya moto akazipanga kuzunguka mayai, akafunika kwa blanketi letu, akachungulia kipimajoto, akabadilisha chupa. Jotoridi likipanda mno anafungua, likishuka anachemsha tena. Jumamosi mvua ilipiga na upepo wa ziwa ukaingia kwenye nyufa za dirisha, na makaa yakaisha. Nilimwambia nikavunje kufuli, liwalo na liwe. Akanishika mkono akaniuliza tutalala wapi na watoto. Nilikasirika, lakini swali lake lilikuwa na haki. Mwenye nguvu mpishe, na sisi tulimpisha.

Mwenye nyumba aliahidi kurudi Jumamosi, ila mto ulikuwa umefunika barabara ya bondeni. Alifika Jumapili mchana, amepumzika, na kikapu cha ndizi kichwani mwa mchukuzi. Alifungua kufuli, akavua viatu, akatuita. Mke wangu ndiye aliyekwenda na simu. Mimi nilisimama kizingitini kwa sababu sikujiamini. Akasoma tarakimu nne nne, naye mwenye nyumba akazibonyeza kwa kidole kile kile, akamalizia kwa kitufe cha kuthibitisha. Kioo kikaandika kwamba imekubaliwa, kikaonyesha uniti zetu zote. Taa ya sebuleni ikawaka mchana kweupe.

“Muone, si imekubali?” akasema. “Mulikuwa munaogopa nini?”

Mke wangu akamwambia aksanti, mama. Aliinamisha kichwa kidogo, kama desturi inavyotaka, nami nilimchukia yule mama kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Tulirudi nyuma. Kuvezi ilikuwa imewaka na balbu zake, kipimajoto kinapanda vizuri. Mke wangu alingoja mpaka usiku kisha akamulika kwa tochi, yai baada ya yai. Hapakuwa na kilichocheza. Hata hivyo aliendelea kuyageuza asubuhi na jioni, juma zima, nami sikuthubutu kumkataza. Siku ya vifaranga ilipopita alipasua moja uani. Kifaranga ndani kilikuwa na manyoya tayari. Ndipo alipolia, akiwa amekishika kiganjani, na wanunuzi wake wakaanza kupiga simu.

Alichomoa waya wa kuvezi akauviringa. Uniti zilikuwa bado nyingi kwenye mita, zile tulizonunua sisi. Zilidumu karibu mwezi, na mchana kutwa tulisikia friji ya mwenye nyumba ikinguruma. Sisi hatukuwa tena na kitu cha kuchomeka.