Vidonge Chini ya Kitanda

Yule mama mkaguzi wa kambi alikuja kila Alhamisi, na mimi kila Alhamisi nilimchukia upya. Alikuwa mwanamke mweusi kama sisi, mke wa karani, viatu vyake vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na daftari kwapani. Eti alikuja kutufundisha kulinda watoto. Mimi nilisema moyoni: huyu ametumwa na Wazungu kutupeleleza.

Tulikaa Élisabethville, enzi za ukoloni, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Mwanangu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na nyumba yetu ilikuwa na ngazi nne za saruji kushuka uani, kulikokuwa na jiko. Mkaguzi aliniambia nizibe mlango wa uani kwa ubao mfupi. Mbabula, lile jiko la makaa, nilizungushie uzio wa mabati. Mtoto akiogeshwa, maji baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, kisha nipime kwa kiwiko kabla ya kumtia. Niliyafanya yote, kwa hasira, ili akose cha kuandika.

Maana nilikuwa na mambo mawili ya kuficha. La kwanza ni mama mkwe wangu, aliyekuja kwa treni kutoka kaskazini kunisaidia mtoto, na hakuwa na karatasi ya kukaa kambini. La pili ni kwinini, dawa ya malaria. Mume wangu alipewa vidonge kazini, akatakiwa avimeze mbele ya msimamizi. Yeye alivibana shavuni, akavikausha nyumbani, tuwapelekee ndugu zake kijijini ambako homa ilikuwa ikiua. Vilikuwa vile vya kupakwa sukari. Kama ingejulikana, angefukuzwa kazi, na nyumba ingeondoka na kazi.

Siku zote kikopo cha vidonge hivyo kilikaa juu ya kabati. Alhamisi ile nikawaza: mkaguzi macho yake yako juu. Hutazama rafu, misumari, kamba. Basi nikakishusha, nikakisukuma chini ya kitanda nyuma ya sanduku, nikajiona mjanja. Mama mkwe akaenda kujibana jikoni nyuma ya gunia la makaa.

Mkaguzi akaja. Akagusa ubao wa mlangoni, akatikisa mabati, akachungulia juu ya kabati. Hakukuwa na kitu. Nilikaribia kucheka.

“Mama, na mutoto iko wapi?”

Nikageuka. Kweli, nyumba ilikuwa kimya. Naye, bila kuomba ruhusa, akapiga magoti na kuinamia kitanda changu. Damu ilinipanda: ndiyo haya niliyoyasema, mpelelezi! Akamvuta mwanangu kwa mguu. Mdomo wake ulikuwa na ute mweupe, kikopo mkononi, kifuniko hakipo.

Alimpangusa mdomo kwa kidole, akatoa mabaki ya kidonge. Akamimina vilivyobaki kitandani: vitatu.

“Bilikuwa ngapi?”

Nikanyosha mikono nimchukue mtoto.

“Mama! Munganga wa zahanati atauliza. Bilikuwa ngapi?”

Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akilini nilimwona mume wangu amesimama mbele ya ofisi, nikaona vitu vyetu vimetupwa nje. Vidonge vitano mtu anaweza kusema alisahau kumeza. Zaidi ya hapo ni wizi.

“Bitano,” nikasema.

“Bubeshi! Uongo!” Sauti ilitoka mlango wa uani. Mama mkwe alikuwa ameruka ubao, uso umejaa vumbi la makaa. “Bilikuwa kumi na mbili. Nilibihesabia jana. Mimi ni mama ya bwana yake, sina karatasi, andika vile unapenda. Lakini mupeleke mutoto!”

Mkaguzi hakuandika. Alimbeba mwanangu, akachukua kikopo, tukakimbia hadi zahanati. Pale mlangoni alimwambia muuguzi, “Tisa, pengine kasoro kile alichotema,” na muuguzi akakimbia kuleta mpira wa kuoshea tumbo. Mtoto alitapika, akatetemeka, akalala bila kujibu jina lake mpaka siku ya pili jioni. Nilikaa nikimpigia makofi sikioni, kwa kuwa tuliambiwa dawa ile huweza kuziba masikio. Alipogeuza kichwa, nililia kwa sauti kama mwehu.

Tulingoja barua ya kufukuzwa, haikuja. Mkaguzi aliendelea kuja kila Alhamisi na daftari lake. Safari ya kwanza baada ya hapo alileta kisanduku chenye kufuli, akakipigilia misumari juu ukutani, mahali nisipofika bila kiti. Humo ndimo vidonge vya kupeleka kijijini vilimokaa tangu siku hiyo.

Mama mkwe alipata karatasi, akakaa nasi miaka mingi. Kwa mwanawe hakunisema, wala kwangu hakulirudia lile neno ‘bubeshi’. Ila kila nilipopanda kiti na kufungua kisanduku kile, aliacha alichokuwa akifanya, akaja kusimama chini yangu, akahesabu vidonge pamoja nami kwa sauti.