Kornelio na Kadi Iliyobaki Mezani

Kornelio alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa jana wala juzi. Miaka kumi na tisa ya kutengeneza simu katika kibanda nyuma ya soko la Lushoto ilikuwa imemwinamisha shingo na kumfundisha kurudia maneno yale yale: simu iliyoingia maji haiponi kwa kufukiwa kwenye mchele, na nywila uliyoisahau si fundi aliyeiweka. Watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza matangazo kanisani, nusu sikio, wakingoja wimbo.

Shukrani alipokuja asubuhi moja ya ukungu, Kornelio alimwona ni mteja wa kawaida. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kidogo, anayewaongoza wageni katika msitu wa Magamba, buti zake zimejaa tope jekundu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa au inaugua?"

"Inaugua. Imejaa, na vilivyoijaza si vyangu. Kuna michezo, kuna duka la nguo, kuna mambo ya mpira. Nikitaka kuvifuta inakataa. Nimesikia ukii-root vinatoka."

Kornelio alishusha pumzi. Vijana walikuwa wakilitamka neno hilo kama jina la dawa ya kienyeji inayotibu kila kitu.

"Vinatoka, kweli," alisema. "Ukiwa na root, wewe ndiye mwenye nyumba. Unafuta ulichowekewa na kiwanda, unazuia matangazo, unahifadhi nakala ya kila kitu. Lakini kwanza lazima nifungue bootloader, ile kufuli inayokagua simu inapowaka ili isiwake na mfumo wa mtu mwingine. Simu ina muda gani?"

"Miezi minane. Nilinunua Tanga."

"Basi una miezi minne ya waranti. Nikifungua kufuli, hesabu hiyo miezi imekwenda. Kioo kikizima chenyewe kesho, dukani wataiwasha, wataona onyo kwamba imefunguliwa, watakurudishia mkononi. Usije ukanililia mimi."

"Sawa."

"Bado. Programu za benki na za kutuma pesa zinaweza kugoma, maana hazikai na simu ambayo mtu ameichokonoa. Tena mwenye nyumba akimfungulia mwizi mlango, mwizi naye anakuwa mwenye nyumba. Programu moja mbovu ukiipa ruhusa ya root, imesoma kila kitu. Na ikiibwa ikiwa imefunguliwa, ni rahisi zaidi mtu kuipandikizia mambo yake."

Shukrani alicheka. "Fundi, wewe unauza au unafukuza wateja?"

"Nafukuza. Hawaondoki."

Kisha Kornelio akauliza lile la mwisho, ambalo ndilo lilikuwa kubwa. Kufungua kufuli kunafuta simu yote, na kiwanda kimefanya hivyo makusudi, ili anayeokota simu ya mtu asiifungue akasoma siri zake. Je, kulikuwa na kitu ndani?

Uso wa binti ulibadilika. Kulikuwa na sauti ya baba yake, mzee Benedikto, aliyefariki masika iliyopita. Mzee alikuwa mlinzi wa msitu tangu ujana. Wiki chache kabla ya kufa aliketi kitandani akaitaja miti ya Magamba kwa Kishambaa, mti mmoja baada ya mwingine, majani yake, dawa yake na mahali unapoota. Miti sitini na mmoja. Shukrani alitaka kuyaandika maelezo hayo yote kwa ajili ya waongozaji wenzake, ila kila alipoanza kusikiliza, alilia. Alikuwa amefika mti wa tano.

"Lakini hiyo iko kwenye memori kadi," alisema haraka. "Niliona mwenyewe, imeandikwa kadi."

"Basi iko salama," alisema Kornelio.

Alilisema kwa mazoea. Kila fundi wa Lushoto humwambia mteja hivyo: kilicho kwenye simu kinapotea, kilicho kwenye kadi kinabaki. Alikuwa amelisema mara elfu na halikumwaibisha hata siku moja. Aliingia kwenye mipangilio, akagonga namba ya toleo mara saba mpaka menyu iliyofichwa ikafunguka, akaruhusu kufuli ifunguliwe, akaomba kibali cha kiwanda. Kiwanda kikataka wangoje siku saba. Shukrani akaondoka na simu yake akaongoze wageni.

Siku ya nane alirudi. Kornelio aliizima simu, akachomoa laini na kadi, akaiweka kadi mezani juu ya kitambaa safi kama kito. Akaunganisha waya kwenye kompyuta, akaandika amri. Simu ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza kitufe cha sauti kukubali. Simu ikajifuta, ikawaka upya na onyo lake, tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Akaifanyia root, akaviondoa vile vya mpira na vya nguo. Kazi nzuri. Akaichukua kadi akairudisha mahali pake.

Simu ikasema kadi hiyo haisomeki. Ikauliza kama iifomati, yaani ifute vyote vilivyomo.

Kornelio alikataa. Akaichomoa, akaitia kwenye kompyuta, akaona namna ilivyogawanywa. Siku Shukrani alipoiweka kadi kwa mara ya kwanza, simu ilimuuliza aitumie vipi, naye, kwa kuwa alitaka nafasi, akachagua iwe sehemu ya simu yenyewe. Kadi ya namna hiyo simu huifunga kwa msimbo, na ufunguo huuhifadhi ndani ya simu, si kwenye kadi. Ndani, pale pale Kornelio alipokuwa amepafuta dakika ishirini zilizopita. Sauti ya mzee Benedikto ilikuwepo mezani, nzima, na hapakuwa na mtu duniani wa kuifungua.

Namna kadi ilivyofungwa ilikuwa imeandikwa kwenye mipangilio wiki nzima. Ungetosha mguso mmoja wa kidole kuiona. Aliwaonya watu kuhusu kila kitu isipokuwa kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa hakikagui.

Shukrani alirudi kutoka sokoni na mfuko wa karoti. "Imekwisha?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Kadi imeungua, mwanangu, hizi kadi za siku hizi ni feki. Mteja gani angebisha? Kornelio aliona jinsi ambavyo angelala vizuri, na akajichukia.

"Sauti ya baba yako imepotea," alisema. "Kadi haina kosa, nawe huna kosa. Ni mimi. Nilipaswa kuangalia kadi ilifungwaje kabla ya kufuta. Sikuangalia."

Alimweleza habari ya ufunguo, polepole, mara mbili. Shukrani aliketi kwenye benchi. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Kornelio kuliko matusi. Alilia kidogo akiwa ameishika karoti moja, kisha akajifuta kwa kiganja.

"Simu inarekodi sasa?" aliuliza.

"Inarekodi."

"Washa."

Kornelio aliwasha, akaisogeza simu karibu naye.

"Mkulo," Shukrani alisema. "Mshai. Muula." Alieleza majani, alieleza dawa. "Mshihwi." Baada ya huo wa nne, wa tano ulikuja kwa shida, lakini ulikuja. Kisha akaangalia ukutani, midomo yake ikijaribu jina halafu ikiliacha.

Nje wachuuzi walikuwa wakiitana. Kornelio hakuthubutu kuizima. Sekunde ziliendelea kuhesabiwa kwenye kioo, na mti wa sita haukutajwa.