Jiwe kwenye Reli ya Geti

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko uani kwangu, mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Mageti niliyotengeneza mji huu siwezi kuyahesabu. Kwa hiyo geti la kwangu mwenyewe liliponichanganya akili, niliona aibu hata kumwambia fundi mwenzangu.

La zamani lilikuwa la milango miwili inayofungukia nje, na uchochoro wetu ni mwembamba, bajaji zikipita zinaligonga. Nikaamua kuweka la kusukuma pembeni. Nilimwaga mkanda wa zege kuanzia nguzo ya kupokelea hadi mwisho wa ukuta, mita nane na zaidi kidogo, nikalaza juu yake chuma cha pembe, mgongo juu, kiwe reli. Chini ya geti nikafunga magurudumu mawili yenye mfereji, beringi mpya, yanayoukalia ule mgongo. Reli hubeba uzito tu. Geti lisilale ubavu ni kazi ya nguzo ya kuongozea, iliyo na rola mbili juu zinazoubana ukingo wa geti huku na huku. Mwisho kabisa wa reli nikachomelea kizuizi, kipande cha chuma kilichosimama, maana geti likipitiliza hapo linaziacha rola na kumwangukia mtu. Nikakivisha kile kizuizi mpira wa tairi kuukuu ili geti likifika lisipige kelele. Upande wa kufungia, nguzo ya kupokelea ina mdomo wa chuma ambamo geti linaingia na kukaa.

Nililisukuma kwa kidole kimoja mbele ya mke wangu. Likaenda, nikaliachia, likasimama palepale. Nikajisifu mchana kutwa.

Baba alikuwa anaishi nasi tangu mama afariki. Ujana wake wote aliumalizia kwenye yadi ya mabehewa hapahapa Tabora, kibarua wa reli. Siku zile alikuwa ameanza kusahau. Anakunywa chai, kisha anauliza mbona leo hakuna chai. Mara mbili tatu alimwita mke wangu kwa jina la mama. Tukawa tunamtazama kwa jicho la wasiwasi, naye akijua kwamba anatazamwa.

Mvua zilipoanza, geti likaanza kukutwa wazi mchana. Usiku tulilipiga kufuli, lakini mchana wateja wanaingia na kutoka, kwa hiyo lilirudishwa tu mdomoni basi. Mara ya kwanza nililaumu wateja. Mara ya pili waya wangu wa mashine ukaibiwa. Mara ya tatu nilikuwa nakata bomba, nikageuka, geti wazi kabisa, na uani yupo baba peke yake, amesimama karibu nalo.

"Baba, shikamoo. Umefungua geti?"

"Marahaba. Sijafungua mimi. Limejiendea."

"Geti haliendi lenyewe, baba."

"Basi hili linaenda."

Nilicheka. Nikaenda kuangalia, na nikazidi kuchanganyikiwa, maana uchochoro wetu unateremka kuelekea upande wa kufungia. Kama geti lingekuwa na tabia ya kujiendea, nilijiambia, lingejifunga, lisingejifungua. Nikalisukuma mdomoni likakaa imara, dakika kumi nzima nimelikodolea macho kama mtu anayemsubiri panya. Halikutikisika.

Halafu yakaanza mambo ya jiwe. Kila nilipotoka nilikuta jiwe kwenye reli, limekaba gurudumu kwa nyuma. Nikilisukuma geti linagoma, nakaribia kuharibu beringi. Nilijua ni baba. Nikalitupa. Kesho yake lipo jingine, nikalitupa hilo pia, kwa hasira, ng'ambo ya ukuta. Nilimwambia mke wangu kwamba mzee sasa anacheza na mawe kama mtoto. Sikumuuliza baba kwa nini. Nadhani niliogopa jibu.

Siku moja nilimkuta kwenye njia ya Kwihara, mbali na nyumbani, na fimbo mkononi. Aliniambia anafuata mbuzi wetu waliotoka. Mimi sikuona mbuzi. Nilimrudisha kwa bodaboda, na tulipofika mbuzi walikuwa zizini, wamerudi wenyewe, kumbe. Hiyo "kumbe" naisema leo. Siku ile niliona ushahidi kwamba baba ameanza kupotea, na kwamba anafungua geti ili apotee.

Dada yangu analima Urambo. Akasema mleteni huku, huku hakuna barabara ya magari, watu wote wanamjua. Baba hakutaka, nyumba hii aliijenga yeye. Alibisha wiki moja, na kila alipobisha tulimtajia geti. Kisha asubuhi moja akasema sawa, akakunja blanketi lake mwenyewe. Nilifurahi kwamba amekubali kwa amani.

Siku ya tatu baada ya kuondoka kwake nilikuwa peke yangu nyumbani, mke wangu yuko sokoni. Nilikuwa nimekaa nakula. Lori la mchanga likajipenyeza kwa shida uchochoroni, ardhi ikatetemeka, na geti likatoka mdomoni. Taratibu, bila sauti, likarudi nyuma mita zote za reli hadi likaegemea kizuizi changu cha mpira. Hakukuwa na mtu. Nilibaki na tonge mkononi.

Nilichukua mpira wa maji, tunaotumia kupimia usawa, nikapima upya. Mwisho wa kufungulia ulikuwa chini kwa vidole vinne. Siku ya kulaza reli mpira wangu mweupe, unaoonyesha maji ndani, nilikuwa nimemwazima jirani, nikatumia ule wa bustani, wa kijani, nikaunganisha vipande vya kuonea maji kwenye ncha tu. Katikati ulikuwa na hewa, nami sikuiona. Kila fundi anajua kwamba unakutanisha ncha mbili kwanza uone kama maji yanalingana. Mimi sikukutanisha, nilikuwa na haraka. Kiangazi, tangu siku ile nilipojisifu, mchanga ulijaa kwenye reli ukalishika geti. Mvua ikaosha, likabaki kushikwa na mdomo peke yake, hadi kitu kizito kipite. Na macho yangu yalikuwa yanaangalia uchochoro, hayaangalii reli.

Baba alikuwa anaweka kigingi. Behewa likisimama mahali usipopaamini, unakaba gurudumu. Alifanya hivyo miaka yote ya kazi yake.

Niivunje zege kwanza au nimfuate kwanza? Nilimfuata. Nilimkuta chini ya kibaraza cha dada yangu, anachambua karanga. Nilipiga goti, nikamwambia yote: mpira, hewa, lori. Nilimwambia haikuwa yeye hata mara moja.

Alizirudisha karanga za kiganjani kwenye ungo.

"Mimi niliamini ni mimi," akasema. "Mlisema wote. Nikasema, basi nalifungua na sikumbuki. Ndiyo maana nilikuja huku."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe." Akanitazama usoni. "Sasa niambie. Ile chai mliyosema nimekwisha kunywa, niliinywa kweli?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na nikagundua kwamba sijui.