Njaa Iliyonikuta Shambani

Shangazi yangu alifia Kwihara nikiwa mtoto. Alikuwa na kisukari, anachoma insulini, na siku ile alikuwa hajala. Alitetemeka, akalowa jasho, akalilia chakula. Majirani wakasema ni mzimu unadai sadaka, wakaenda kumwita mganga.

Sasa nami nachoma insulini. Msimu huu, tukipalilia karanga na mke wangu, tulichelewa kula. Ghafla njaa ikanikaba, jembe likaanza kunitetemeka mikononi, jasho jembamba likanitoka mpaka shati likalowa. Nikauona uso wa shangazi, waziwazi, katikati ya matuta.

“Mke wangu, sukari imeshuka.”

Alinikalisha chini palepale, akatoa sukari tuliyobeba kikapuni, akakoroga vijiko vinne kwenye kikombe cha maji.

“Kunywa yote, baba.”

Nikanywa. Tukasubiri kama robo saa, mtetemo ukaisha. Akanitoboa kidole, akatazama kipimo. Sukari ilikuwa imepanda. Ndipo akanimenyea viazi vitamu.

“Ulikuwa unamtazama nani pale?” akauliza.

Nikaliokota jembe. Palizi tukaiacha, tukarudi nyumbani polepole, amenishika mkono.