Mwalimu Breki na Damu Isiyo na Ratiba

Wifi yangu anafundisha watu kuendesha magari, na mwanafunzi wake wa kwanza kumshinda kabisa ni mimi. Nilikaa kwenye usukani wiki mbili, nikagonga ndoo ya jirani na ngazi ya duka, nikarudi saluni kwangu kusuka nywele, ambazo hazina klachi. Yeye hakunicheka. Alisema tu kwamba watu wengine Mungu amewaumba wawe abiria, na mpaka leo sijaamua kama lile lilikuwa tusi.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki. Gari la mafunzo lina breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake unakaa juu ya breki ile kutwa nzima, huku uso umetulia kama mtu anayesubiri chai. Ana msimamo mmoja usiopindika: hakuna anayegusa ufunguo kabla ya kukaa saa nzima darasani akielezwa gari linafanyaje kazi na kila taa ya dashibodi ina maana gani. Hata uje na haraka zako, hata uwe mkubwa wa nani, utakaa. Anasema asiyejua gari linafanya nini ndani, likimshtua kidogo tu atalipeleka mtaroni.

Sasa sikia mwanamke huyo huyo alichojifanyia mwenyewe.

Kaka yangu, mume wake, ni fundi bomba, na wana mtoto mmoja wa miaka miwili, kipenzi changu mimi shangazi yake. Mtoto huyo alikuja bila hodi. Wifi alikuwa anatumia vidonge vya kila siku, lakini kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kula chakula cha mchana ndani ya gari, vidonge vilikuwa vinasahauliwa. Mimba iliingia pale tu alipopata nafasi kwenye kozi ya walimu wa malori, nafasi aliyoiomba miaka minne. Mwezi wa nne wa mimba aliiacha kozi. Mtoto anampenda kufa, hilo halina mjadala, ila alisema mbele yetu sote kwamba wa pili atasubiri mpaka mama yake apande lori kwa leseni halali.

Ndipo akaenda kliniki kuwekewa kipandikizi, hiki tunachokiita kijiti, chembamba kama njiti ya kiberiti, kinachokaa chini ya ngozi ya mkono na kuzuia mimba miaka mitatu. Siku hiyo mwanafunzi wake mwenye mtihani kesho yake alikuwa anamsubiri getini. Nesi alipoanza kumweleza mambo ya hedhi, wifi akamkatiza. Akasema anajua yote, wenzake wameshamwambia, aweke tu. Nesi akaweka, akampa karatasi ya maelezo. Karatasi ikaingia kwenye droo ya gari, chini ya risiti za mafuta, ikalala huko.

Miezi miwili ya kwanza hakukutokea kitu. Wa tatu damu ilianza kuja inavyotaka yenyewe. Matone siku tatu, kimya wiki moja, kisha siku kumi na mbili mfululizo za damu kidogo kidogo, halafu kimya tena. Akaanza kuvaa suruali nyeusi tu. Akatandika taulo jeusi kwenye kiti chake cha gari, na mwanafunzi mmoja alipouliza la nini, akajibiwa atazame barabara. Nyumbani akawa mkali. Kaka yangu, maskini, akawa anapita pembeni ya kuta kama mpangaji mwenye madeni.

Na mimi, badala ya kuzima moto, nikamwaga petroli. Saluni kwangu kuna kila aina ya daktari: mwenye rola kichwani ni daktari, mwenye dawa ya nywele inayomuwasha ni bingwa. Niliyoyaokota pale nikampelekea yakiwa moto. Nilimwambia kizazi chake kinaoza, kwamba ile damu ni dalili, kwamba akichelewa hatazaa tena. Nilisema kwa mapenzi, lakini nilisema, na sikuwa na ushahidi hata wa kujaza kijiko.

Akaniamini. Mwezi wa saba wa kijiti alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua viatu, akasema kwa sauti ndogo ambayo siijui kwake kwamba yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha watu: taa nyekundu ikiwaka, simamisha gari, usibishane nayo. Atakitoa. Kozi ya malori ilikuwa inaanza baada ya wiki tano, na nafasi ilikuwa imepatikana kwa mara ya pili, ya tatu hakuna. Akikitoa atarudi kwenye vidonge anavyovisahau. Akikiacha, ataoza. Hapo ndipo alipokuwa amebanwa, na aliyembana zaidi nilikuwa mimi.

Kesho yake asubuhi nikamsindikiza kliniki, nimejifunga kitenge kwa nguvu kama mtu anayekwenda kudai haki. Chumba cha uzazi wa mpango ni kidogo: meza, pazia la kijani, kitanda, mizani, na ukutani picha ya mji wa mimba iliyopauka. Nesi alikuwa yule yule, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kabla wifi hajafungua mdomo, mimi nikaeleza yote. Nikasema tumekuja kukitoa, damu haikati, kizazi kinaharibika, na tusizungushwe.

Nesi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akageuza kiti chake akamtazama wifi.

"Nimemsikia wifi yako," alisema. "Sasa nataka kukusikia wewe. Ukitaka nikitoe leo, nitakitoa leo, vifaa viko pale. Sitakuuliza mara mbili wala sitakununia. Lakini kwanza niambie, kinachokusumbua hasa ni nini?"

Nilitegemea tubishane. Nilikuwa nimejiandaa kubishana tangu nyumbani. Mtu akikwambia ndiyo mapema hivyo unabaki umeduwaa. Wifi machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kujifungua. Alisema anaweza kuvumilia kuchafuka. Asichoweza ni kutojua. Hajui itakuja lini, hajui itaisha lini, na kila ikija anahisi kuna kitu ndani kinavunjika naye amekaa juu yake anafundisha watu kugeuza gari.

Nesi akamwomba radhi. Akasema siku ile ya kwanza alipaswa kumrudisha nyumbani na haraka yake, lakini alikubali kuharakishwa, na kosa hilo ni lake. Wifi akajifuta macho, akasema kosa ni la wote wawili, kwa sababu yeye mwanafunzi wa namna hiyo angemnyang'anya ufunguo.

Kwanza nesi alipima na kuuliza. Alipima mkojo kuhakikisha hakuna mimba, akapima presha, akamtoboa kidole kuona wingi wa damu mwilini. Akauliza kama pedi zinajaa haraka, kama kuna maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu, damu baada ya tendo la ndoa, kama anatumia dawa za kifua kikuu au za kifafa, maana baadhi zinakipunguza kijiti nguvu. Yote hapana. Mimba hakuna, presha nzuri, damu ya kutosha. Mimi kwenye benchi nilianza kuona joto.

Ndipo akasimama kwenye ile picha iliyopauka. Akaeleza kwamba katika mwezi wa kawaida homoni hupanda, ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukanenepa, kisha homoni hushuka na ukuta ule ukamomonyoka kwa pamoja, ikawa hedhi. Kijiti hakifanyi hivyo. Chenyewe kinatoa homoni ya aina moja, kidogo kidogo kila siku, bila kupanda na kushuka kule. Kwa hiyo ukuta unabaki mwembamba, na vimishipa vyake vya damu vinakuwa laini, vinapasuka hapa leo na pale keshokutwa. Damu inatoka kidogo na bila ratiba kwa sababu hakuna tena wa kuipigia kengele ya kutoka pamoja. Hakuna kinachooza. Hata wale wasioona damu miezi mingi, haijajikusanya mahali popote, ni kwamba ukuta hauna cha kumomonyoa.

"Kwa hiyo si taa nyekundu," wifi alisema.

"Si taa nyekundu. Ikitoka nyingi mpaka pedi zinajaa mfululizo, au ukipata maumivu makali, kizunguzungu au dalili za mimba, hiyo ndiyo nyekundu. Njoo siku hiyo hiyo."

Wifi akauliza, sasa kwa sauti yake ya darasani, kama itaisha. Nesi hakumdanganya. Alisema kwa wengi hupungua baada ya mwaka wa kwanza, kwa wengine haipungui, na yeye hana namna ya kujua wifi yuko kundi gani. Dawa zipo: za maumivu za aina ya ibuprofen kwa siku tano, kama hana vidonda vya tumbo, au vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili kwa wiki tatu, kama presha na afya vinaruhusu. Huenda zikaikata damu, na baadaye ikarudi. Au asubiri tu. Au kitolewe, na akikitoa uwezo wa kushika mimba unarudi upesi, kwa hiyo waamue leo hii atatumia nini badala yake.

Nikafungua mdomo. Sijui hata nilitaka kusema nini, nadhani nilitaka kushauri. Wifi akaniinulia kiganja bila kunitazama, kama anavyomnyamazisha mwanafunzi kwenye makutano ya barabara. Akaushika mkono wake pale kijiti kilipo. Kisha akasema anakiacha. Atatumia zile dawa za siku tano, na damu ikimshinda ndani ya miezi mitatu ijayo atarudi kukitoa, na nesi asimhubirie. Nesi akacheka, akaandika.

Njiani nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba habari ya kuoza niliitoa kwa mteja mwenye rola kichwani. Tulipofika kwenye kona akasema alikuwa halali vizuri tangu siku ile nilipomwambia. Niliona aibu mpaka masikioni. Siku hizi mteja akianza hadithi ya kijiti kwangu, namwambia aende kwa yule nesi akaulize, na akikasirika atafute msusi mwingine.

Damu ilikoma siku ya nne ya dawa. Wiki tatu baadaye ikarudi, kidogo, ikakaa siku sita ikaondoka. Haijawahi kuwa na ratiba mpaka leo.

Kozi ya malori ilipofika wiki ya pili, alinipigia simu mchana nikiwa na mikono ndani ya nywele za mtu. Aliniomba nimchukue mtoto, kwa sababu wangechelewa kwenye mazoezi ya kurudisha trela nyuma, na yeye ndiye anayefuata. Alinieleza kwa kirefu trela linavyokwenda kushoto ukizungusha usukani kulia, nami sikuelewa kitu. Mwishoni kabisa, akiwa tayari anakata, akasema nimletee na suruali moja nyeusi. Nikamuuliza kama yuko salama.

"Niko salama," akasema. "Wananiita, wifi. Zamu yangu."