Nywele Zinangoja

Jirani yangu bwenini, tuliyemwita Kinyozi, alinishinda kumwelewa. Posho yake haikumaliza mwezi, kama za sisi wengine, lakini aliacha kuchapia watu tasnifu, kazi yenye hela, akanunua mashine ya kunyolea ya mtumba. Jioni baada ya vipindi alinyoa wateja wawili watatu kwenye kiti cha plastiki. Nikasema huyu kachanganyikiwa.

Mitihani ilipofika, wateja wakakatika. Bweni zima likaota vichaka vichwani, na Kinyozi kajilaza kitandani anasoma. Uzalendo ukanishinda.

“Ndugu yangu, biashara imekufa, na wewe umetulia tuli?”

Hakuinua hata macho. “Wakati wa mitihani ndipo kila mtu anataka kuchapiwa, tena leo leo. Mwaka jana nilimaliza tasnifu za wenzangu, mitihani yangu nikafeli, nikairudia. Nywele hazina haraka. Zinaningoja, tena zinaongezeka.”

Siku ya mtihani wa mwisho nilikuta foleni imetoka mlangoni kwake mpaka kwenye ngazi. Nikajipapasa kisogo, nikameza maneno yangu, nikasimama mwisho wa foleni.